Sifuri mbili za opampu: kutatua hatua geuzi na hatua isiyogeuza kwa shoti pepe bila kupotezwa na mikondo ya pini

Kuna jibu moja ambalo hujirudia kwenye karatasi za mtihani wa elektroniki. Swali ni la hatua geuzi: chanzo cha volti 0.5 kinafika kwenye pini hasi ya opampu kupitia rezista R1, na rezista R2 inatoka kwenye tokeo na kurudi kwenye pini hiyo. Mwanafunzi anaandika: mkondo unaoingia kwenye opampu ni sifuri, kwa hiyo mkondo kwenye R1 ni sifuri, kwa hiyo R1 haipunguzi volteji yoyote, kwa hiyo pini hasi ina volti 0.5 kama chanzo. Mstari unaofuata anaandika kuwa pini hiyohiyo ina volti 0 kwa sababu ya shoti pepe. Mistari hiyo miwili haiwezi kuwa kweli kwa pamoja, lakini anaendelea mbele, anakumbuka fomula ya −R2/R1, anaitia namba na kupata jibu sahihi la volteji. Kisha swali linauliza mkondo, na hapo anaanguka.

Mwongozo huu unatatua hatua mbili za msingi kwa mkondo wenyewe badala ya fomula. Ukifuata mkondo mpaka mwisho wa safari yake, fomula zinajitokeza zenyewe, na maswali ya mtego yanabaki bila mtego.

## Sifuri mbili, sababu mbili

Tunapotatua opampu bora, yaani ile ya kinadharia isiyo na kasoro, tunatumia kanuni mbili, na zote mbili zina neno sifuri. Hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa.

Kanuni ya kwanza inahusu volteji: tofauti ya volteji kati ya pini chanya na pini hasi ni sifuri. Hii ndiyo shoti pepe. Kanuni ya pili inahusu mkondo: hakuna mkondo unaoingia wala kutoka kwenye pini hizo mbili.

Sababu zake hazifanani hata kidogo. Volteji ya tokeo la opampu ni tofauti ya volteji ya pini zake ikizidishwa kwa ukuzaji A, ambao ni mkubwa mno. Kwa chipu ya 741, iliyotoka mwaka 1968 na ambayo bado inafundishiwa, A kwa kawaida ni kama 200,000. Tokeo likiwa na volti 2.35, tofauti ya pini inayohitajika ni 2.35 ikigawanywa kwa 200,000, yaani takriban maikrovolti 12. Kwa kalamu na karatasi hiyo ni sifuri. Lakini nani anaifanya iwe ndogo hivyo? Ni tokeo lenyewe, kupitia rezista inayorudi kwenye pini hasi. Pini hasi ikipanda kidogo juu ya pini chanya, tokeo hushuka na kuivuta chini. Ikishuka, tokeo hupanda na kuivuta juu. Usawa huo ni kazi inayofanywa kila wakati, na kazi hiyo ikishindikana usawa unapotea.

Mkondo wa pini ni mdogo kwa sababu nyingine: jinsi pini ilivyojengwa. Ndani ya 741 pini inaingia kwenye besi ya transista inayohitaji mkondo wa nanoampea 80 hivi tu. Kwenye opampu za aina ya TL081 pini inaingia kwenye geti ya transista ya FET, na mkondo unashuka hadi pikoampea. Hapa hakuna mrejesho unaofanya kazi. Kanuni hii inabaki hata mrejesho ukikatwa.

Shika hili kabla ya yote: sifuri ya mkondo ni ya pini. Si ya kifundo ambako pini imeungwa, wala si ya rezista zinazokutana hapo. Kwenye kifundo kimoja kunaweza kupita mkondo wa kutosha kabisa huku pini iliyoungwa hapo haichukui chochote, kama mto unavyoupita mlango uliofungwa.

## Hatua za kutatua

Utaratibu ni huu, na unafaa kwa hatua zote mbili.

1. Hakikisha rezista ya mrejesho inatoka kwenye tokeo na kurudi kwenye pini hasi. Ikirudi kwenye pini chanya peke yake, acha: shoti pepe haitumiki.
2. Tafuta volteji ya pini chanya. Hiyo haitegemei tokeo katika saketi hizi mbili.
3. Andika kuwa pini hasi ina volteji ileile.
4. Kwa kuwa sasa unajua volteji za ncha zote mbili za R1, tafuta mkondo wake kwa Kanuni ya Ohm.
5. Uvushe mkondo huo kwenye kifundo. Pini haichukui kitu, kwa hiyo wote unapita kwenye R2.
6. Tembea juu ya R2 kutoka pini hasi hadi kwenye tokeo, ukipunguza volteji unapokwenda na mkondo na kuongeza unapokwenda kinyume chake.
7. Linganisha jibu na kiwango ambacho tokeo linaweza kufika.

Hatua ya nne na ya tano ndizo zinazochanganywa. Shoti pepe inatumika kwenye ya nne kutupa volteji. Sifuri ya mkondo inatumika kwenye ya tano tu. Ukiileta sifuri ya mkondo kwenye hatua ya nne, unaua mkondo wa R1 na kosa la mwanzo linarudi.

## Hatua geuzi, kwa namba

Chukua R1 ya kiloomu 10 kutoka kwenye chanzo hadi pini hasi, R2 ya kiloomu 47 kutoka pini hasi hadi tokeo, na pini chanya ikiwa imeungwa kwenye ethi. Chanzo ni volti 0.5. Kwenye tokeo kuna mzigo wa kiloomu 2 unaokwenda ethi. Umeme wa chipu ni volti +15 na −15.

Pini chanya iko kwenye ethi, kwa hiyo ni volti 0. Pini hasi nayo ni volti 0. Hii ndiyo ethi pepe. Ncha moja ya R1 ina 0.5 na nyingine ina 0:

```
i1 = (0.5 − 0) / 10 kΩ = 50 µA
i2 = i1 = 50 µA
Vo = 0 − (50 µA × 47 kΩ) = −2.35 V
```

Alama ya kutoa haikutoka kwenye fomula ya kukariri. Mkondo unatoka kwenye kifundo chenye volti 0 na kuelekea kwenye tokeo kupitia R2, na mkondo hutiririka kutoka volteji ya juu kwenda ya chini. Basi tokeo lazima liwe chini ya sifuri.

Sasa swali ambalo wengi hulikosa: maikroampea 50 zinakwenda wapi baada ya R2? Wengine hujibu kuwa zinaingia kwenye ethi kupitia ethi pepe. Neno ethi linawapoteza. Ethi pepe ina volteji ya ethi, lakini haina waya wa kwenda ethi. Njia pekee kutoka kwenye kifundo hicho, kando ya R1, ni R2.

Zinaingia kwenye pini ya tokeo la opampu. Na haziko peke yake. Mzigo una volti 0 upande wa ethi na −2.35 upande wa tokeo, kwa hiyo mkondo unapanda kutoka ethi kwenda kwenye tokeo:

```
iL = 2.35 V / 2 kΩ = 1.175 mA
io = 1.175 mA + 0.05 mA = 1.225 mA, ukiingia kwenye tokeo
```

Opampu inameza miliampea 1.225 na kuzitoa kupitia pini yake ya umeme ya volti −15. Hapa ndipo Kanuni ya Kirchhoff ya mikondo hutumiwa vibaya. Mwanafunzi anaitazama pembetatu ya opampu, anaona pini tatu, mbili zina mkondo sifuri, anahitimisha ya tatu nayo ni sifuri. Hesabu yake ya Kirchhoff ni nzuri, ila mchoro ndio ulioficha pini mbili za umeme. Opampu ina pini tano zinazohusika, na mkondo wa tokeo unatoka au unaingia kupitia zile mbili zisizochorwa. Ndiyo maana nasisitiza: usiandike mlinganyo wa mikondo kwenye kifundo cha tokeo unapotafuta volteji. Kuna mkondo usiojulikana hapo. Andika kwenye kifundo cha pini hasi, pata Vo, kisha rudi kwenye tokeo kutafuta io ikiwa umeulizwa. Kumbuka pia kwamba mzigo wa kiloomu 2 haukuingia popote kwenye hesabu ya Vo. Mwanafunzi anayeuweka sambamba na R2 anaharibu jibu lililokuwa sahihi.

## Hatua isiyogeuza, kwa rezista zilezile

Sasa hamisha chanzo cha volti 0.5 kwenye pini chanya, na ncha ya R1 iliyokuwa kwenye chanzo iungwe kwenye ethi. Vingine vyote viache.

Pini chanya ni volti 0.5, kwa hiyo pini hasi ni 0.5. R1 ina 0.5 upande wa pini na 0 upande wa ethi. Mkondo wake ni maikroampea 50 tena, ila sasa unakwenda ethi. Umetoka wapi? Si kwenye pini hasi, kwa sababu pini haitoi kitu. Si kwenye chanzo, kwa sababu shoti pepe si waya: volteji ya pini mbili inalingana, lakini hakuna mkondo unaovuka kutoka moja kwenda nyingine. Umetoka kwenye tokeo, kupitia R2.

```
i1 = 0.5 / 10 kΩ = 50 µA (kutoka kifundo kwenda ethi)
Vo = 0.5 + (50 µA × 47 kΩ) = 2.85 V
Ukuzaji = 2.85 / 0.5 = 5.7
```

Linganisha na hatua geuzi. Mkondo ni uleule, R2 inabeba volti 2.35 zilezile. Tofauti ni kwamba kule tulianzia kwenye volti 0 tukashuka, hapa tumeanzia kwenye 0.5 tukapanda. Ile "1" kwenye 1 + R2/R1, ambayo watu huisahau au huiweka mahali pasipo pake, ni hizo volti 0.5 tulizoanzia. Ukiliona hilo hutaisahau tena.

Mkondo wa tokeo sasa unatoka nje: 2.85 ikigawanywa kwa kiloomu 2 ni miliampea 1.425, ukiongeza 0.05 unapata miliampea 1.475, na zinatoka kwenye pini ya volti +15.

## Chanzo chenye ukinzani wa ndani

Mtahini akitaka kujua kama umeelewa mikondo ya ingizo, ataongeza ukinzani kwenye chanzo. Tuseme chanzo chetu kina kiloomu 2.5 ndani yake.

Kwenye hatua isiyogeuza, chanzo kinalisha pini chanya tu, na pini haichukui mkondo. Hakuna mkondo kwenye kiloomu 2.5, hakuna volteji inayopotea, tokeo linabaki 2.85. Hapa usemi wa kwamba "mkondo wa ingizo ni sifuri" ni sahihi kabisa, kwa sababu ingizo la saketi ndiyo pini yenyewe.

Kwenye hatua geuzi, ingizo la saketi si pini. Ni ncha ya R1. Chanzo kinatoa mkondo halisi, na ukinzani wake wa ndani umesimama kwenye mstari mmoja na R1:

```
i = 0.5 / (2.5 kΩ + 10 kΩ) = 40 µA
Vo = −40 µA × 47 kΩ = −1.88 V
```

Tokeo limeshuka kutoka −2.35 hadi −1.88, yaani tumepoteza asilimia 20. Ukiulizwa ukinzani wa ingizo wa hatua geuzi, jibu ni R1, kiloomu 10, kwa sababu upande wa pili wa R1 umeshikiliwa kwenye volti 0. Kujibu kuwa hauna kikomo ni kuchanganya pini na saketi. Nadhani hili ndilo kosa lenye gharama kubwa kuliko yote, kwa kuwa linamfuata mtu hadi maabara: anaunga kihisi chenye ukinzani mkubwa kwenye hatua geuzi, anapata ukuzaji mdogo kuliko aliopanga, na anaanza kubadilisha chipu ambazo hazina kasoro.

## Rezista za mtego

Rezista ikiwekwa kati ya pini hasi na ethi kwenye hatua geuzi, tuseme ya kiloomu 5, wengi huanza kuijumlisha sambamba na R1. Fuata utaratibu. Pini hasi ni volti 0, ethi ni volti 0, kwa hiyo rezista hiyo ina volti 0 na mkondo 0. Vo inabaki −2.35. Ikiwekwa rezista kati ya pini chanya na pini hasi, hoja ni ileile: ncha zake zina volteji sawa, haipitishi kitu.

Angalia ugeni wa jambo hili: rezista hizo hazina mkondo kwa sababu ya kanuni ya volteji. Rezista iliyo mbele ya pini chanya nayo haina mkondo, ila kwa sababu ya kanuni ya mkondo, na hivyo ncha zake zina volteji sawa. Mwanafunzi anayeweza kusema ni kanuni ipi imetumika wapi hahitaji kukariri mitego yoyote. Ndiyo maana napenda wanafunzi waandike kando ya kila mstari "shoti pepe" au "pini haichukui mkondo". Inachukua sekunde chache na inafichua mstari uliokosewa mara moja.

## Tokeo likigonga kikomo

Rudi kwenye hatua geuzi ya mwanzo na ongeza chanzo hadi volti 4. Hesabu inasema Vo ni −18.8. Umeme wa chipu ni −15, kwa hiyo haiwezekani. Kwa mzigo wa kiloomu 2, 741 kwa kawaida hufika kama volti −13 na kusimama hapo.

Wengi huandika −13 na kuishia hapo, na mara nyingi inatosha. Lakini swali likiendelea kuuliza volteji ya pini hasi, jibu la sifuri si sahihi tena. Tokeo limeshindwa kuivuta pini, basi shoti pepe imekufa. Kanuni ya mkondo bado ipo, nayo inatosha kutupa jibu, kwa sababu R1 na R2 zimekuwa njia moja kutoka volti 4 hadi volti −13:

```
i = (4 + 13) / 57 kΩ = 298 µA
V− = 4 − (298 µA × 10 kΩ) = 1.02 V
```

Huu pia ni uchunguzi mzuri kwenye meza ya maabara. Pima volteji kati ya pini mbili za ingizo. Ikiwa ni milivolti chache, mrejesho unafanya kazi. Ikiwa ni kama volti moja, tokeo limegonga kikomo, au waya wa R2 umekatika, au pini zimebadilishana nafasi. Tahadhari moja: baadhi ya opampu, NE5532 ikiwamo, zina daiodi za kinga kati ya pini mbili za ingizo. Tofauti ikifika kama volti 0.6 daiodi hizo hupitisha mkondo, na hapo hata kanuni ya mkondo inavunjika.

## Pale ambapo sifuri si sifuri

Swali la mwisho la karatasi nyingi hutoa mkondo wa pini, kwa mfano nanoampea 80, na kuuliza tokeo linakosea kiasi gani. Weka chanzo kwenye volti 0 katika hatua geuzi. Pini hasi bado iko kwenye volti 0 kwa shoti pepe, kwa hiyo R1 ina volti 0 pande zote na haina mkondo. Kwa 741 mkondo huingia kwenye pini. Nanoampea 80 lazima zitoke mahali, na njia iliyobaki ni R2:

```
Vo = +80 nA × 47 kΩ = 3.76 mV
```

Kosa la kawaida ni kugawanya mkondo huo kati ya R1 na R2 kana kwamba ziko sambamba. Hazigawani, kwa sababu shoti pepe imeizima R1.

Dawa ya kosa hilo ni kuweka kati ya pini chanya na ethi rezista inayolingana na R1 na R2 zikiwa sambamba, hapa kiloomu 8.25. Nanoampea 80 za pini chanya zinaishusha hadi milivolti −0.66, na pini hasi inaifuata. Sasa R1 ina milivolti 0.66 juu yake na inatoa nanoampea 66. Zilizobaki, nanoampea 14, zinatoka R2 na kuzalisha milivolti 0.66 juu ya −0.66, na tokeo linarudi kwenye sifuri. Hilo ni kweli iwapo mikondo ya pini mbili inalingana. Kwa 741 hutofautiana kwa kama nanoampea 20, na tofauti hiyo ikipita kwenye R2 huacha milivolti 0.94 kwenye tokeo.

Rezista hiyo ya kiloomu 8.25 ikitokea kwenye swali la opampu bora, ambalo halikutaja mkondo wa pini, haina mkondo wala volteji. Pini chanya bado ni volti 0, ethi pepe iko palepale, na ukuzaji ni −4.7.